Kitabu kilichotumika: ununue taslimu au uchukue mali kauli?

Tuseme jirani hapo Kampala analeta kamusi iliyotumika, nawe kibandani utaiuza shilingi 20,000. Ukinunua taslimu, usipite 10,000. Faida ni nono, lakini isipotoka, hela yako imelala rafuni. Ukiichukua mali kauli hutoi kitu; ikiuzwa unampa 14,000, unabaki na 6,000. Ugomvi huzuka mvua ikikilowesha kitabu cha mtu, hivyo andikeni daftarini hali yake, bei na siku ya kukirudisha.

Kamusi nunua, ila ipekue kwanza: kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo hung'oka. Vitabu vya kiada vya sekondari chukua mali kauli tu, maana mtaala wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza kubadilishwa 2020, na vya zamani huozea mezani.