Flisi au softisheli? Jaketi la siku ya manyunyu na kusimamasimama

Habari zenu wadau, karibuni. Mezani nina majaketi mawili: hili la kijivu ni flisi, lile jeusi ni softisheli. Leo nayapima kwa siku moja tu, siku ya pili ya njia ya Machame pale Kilimanjaro. Unatoka kambini kwenye mita 2,800 na ushei, unapandisha kuelekea Shira. Ukungu, upepo, manyunyu yanakuja na kuondoka. Na ukiwa na wageni hutembei mfululizo: mnapanda kidogo, mmoja anafunga kamba za kiatu, mwingine anataka picha, mnasimama. Jasho limeshakutoka, na upepo unakukuta hapohapo.

Tuanze na flisi. Nailetea kamera karibu, mnaona hivi vinyweleo? Hivi ndivyo vinavyoshika hewa, na hiyo hewa ndiyo inayokutunzia joto. Kitambaa chenyewe ni poliesta, ambayo karibu hainywi maji kabisa, kwa hiyo hata ikilowa inakauka upesi. Jasho nalo linapita vizuri tu. Sasa naweka mdomo hapa napuliza, mkono wangu uko upande wa pili. Pumzi yote naipata kiganjani! Upepo nao unapita hivyohivyo, unafagia ile hewa ya joto yote. Ndiyo maana unamkuta mtu kavaa flisi nene kama blanketi na bado anatetemeka.

Naimwagia flisi maji kidogo kwenye mkono wake. Matone yanakaa juu ya vinyweleo, nikikung'uta yanaruka. Lakini yakikaa hapo huku mkoba umekubana mgongoni, yanazama.

Haya, softisheli. Hiki kimefumwa kwa kubana, nailoni yenye kuvutika, na juu kimepakwa dawa ya kuzuia maji. Napuliza... pumzi inapita, ila kwa shida. Hapo ndipo ninapopataka. Upepo mwingi unabaki nje, na mvuke wa jasho bado unapata njia.

Angalieni hapa lakini, maana softisheli haziko sawa. Nyingine zina utando wa plastiki katikati ya kitambaa. Ukipuliza hakipiti kitu. Wauzaji wanazisifia sana hizo. Kwa mlinzi wa getini anayesimama usiku kucha, sawa. Kwa anayepanda na kusimama, jasho linarudi kwenye fulana, na ukitulia kidogo tu mgongo unakuwa wa baridi. Zile zenye manyoya mazito ndani nazo zikishalowa, usiku mzima hemani hazikauki.

Kwa hiyo kwa siku ile mimi nachukua softisheli nyepesi isiyo na utando, chini yake fulana ya poliesta. Ya pamba hapana, pamba inashika jasho. Mnapopanda, zipu iko wazi mpaka kifuani. Mgeni akisimama kupiga picha, unapandisha zipu mpaka kidevuni, basi. Huvui kitu, huvai kitu. Flisi inakaa juu kabisa ndani ya mkoba, ikisubiri chakula cha mchana. Hapo mtakaa muda mrefu, unaivaa ndani na softisheli inakuja juu. Ukinunua, jaribu ukiwa na flisi ndani. Ikikubana makwapani, chukua saizi inayofuata.

Mgumu, yaani mpagazi mwenye kilo 20 kichwani, hesabu yake ni nyingine. Yeye anapiga mwendo, hasimami ovyo. Flisi nyembamba inamtosha, na mara nyingi hata hiyo anaivua.

Na kama hela ni ya jaketi moja? Nunua flisi nyembamba, utafute na kikoti chepesi cha nailoni cha kukata upepo. Joto utalipata, tena kwa bei ndogo. Kero yake ni vua-vaa kila kituo, na ukichoka kuvua ndipo unapolowa jasho.

Pale soko la Memorial, Moshi, mitumba ya softisheli ipo. Puliza kwanza, kisha dondosha maji begani. Yakisimama kama shanga, dawa bado ipo. Kitambaa kikigeuka cheusi na maji yakatandaa, usilikimbie jaketi mara moja, huenda ni uchafu au dawa ya kulainishia nguo. Lifue kwa sabuni ya kawaida, suuza sana, likauke, kisha lifunike kwa kitambaa kingine na upitishe pasi ya moto mdogo juu yake. Maji yakiendelea kutandaa baada ya hapo, tafuta dawa ya kupuliza.

Mvua ya kweli ni habari nyingine. Mishono ya softisheli nyingi haikuzibwa, na maji huanzia mabegani, pale mkanda wa mkoba unapokandamiza. Ukiona mabega yamekuwa meusi, usingoje: toa koti la mvua, livae juu ya hiyohiyo softisheli.