Klampu mita ya DC kwenye stringi ya sola: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Mimi ni fundi wa sola, kazi zangu nyingi ni pampu za visima huku Singida. Mwaka jana niliachana na multimita yangu ya manjano ya elfu kumi na tano, nikanunua klampu mita inayopima DC, yaani mita yenye taya zinazozunguka waya. Bei yake ilifika karibu laki mbili na nusu, na mke wangu bado ananikumbusha.

Ile ya manjano iliniachisha yenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kupima ampea za betri, waya mwekundu nikausahau kwenye tundu la 10A. Nikaenda kwenye stringi ya paneli nane zilizounganishwa mfululizo, nikaweka ncha chanya na hasi nikitarajia kusoma volti. Tundu la ampea ni sawa na kipande cha waya tu, kwa hiyo nilikuwa nimepiga shoti stringi nzima kupitia mita niliyoshika. Nilidhani fyuzi ingeniokoa. Haikukatika! Paneli zile kwa shoti hutoa ampea 9.2, fyuzi ni ya ampea 10. Itakatika kwa kosa gani? Balaa lilikuja nilipoinua ncha: moto wa bluu ukaifuata, ukaendelea kuwaka hewani mpaka nilipoirusha pembeni. Umeme wa DC haupiti kwenye sifuri kama wa nyumbani, ndiyo maana moto wake hauzimiki wenyewe. Baadaye nikaifungua mita, nikakuta fyuzi ya kioo imeandikwa 250V. Na juu ya boksi walichapa 1000V, bila haya.

Sasa nieleze kazi moja ambayo hii mpya ilijilipia. Radi ilikuwa imeunguza kidhibiti cha pampu, na mzee mwenye kisima akataka nihakikishe paneli ni nzima kabla hajanunua kingine. Stringi mbili, kila moja paneli nane, lebo ya nyuma inasema Voc, yaani volti bila mzigo, 46 V na Isc, yaani ampea za shoti, 9.2 A. Kwanza nilizima swichi ya DC, nikazitenganisha stringi zile, maana zikiwa zimeunganishwa pamoja moja huficha ugonjwa wa nyingine. Halafu nikaangalia tundu la waya mwekundu. Siku hizi huligusa kwa kidole kabla ya kila kipimo, hata kama nimeligusa dakika moja iliyopita.

Nane mara 46 ni volti 368, lakini hiyo ni ya seli zikiwa nyuzi 25. Saa saba mchana mgongo wa paneli ulikuwa nyuzi 65, na paneli hizi hupoteza kama asilimia 0.31 ya volti kwa kila nyuzi. Kwa hiyo nilitegemea karibu 322. Stringi ya kwanza ikasoma 321. Ya pili, 308.

Ampea sasa. Hapa ndipo klampu inapoipita multimita: sipitishi umeme ndani ya mita kabisa. Swichi ikiwa imezimwa, nikaunganisha chanya na hasi upande wa pili wa swichi kwa kipande cha waya chenye plagi za MC4, nikafunga taya juu ya waya mmoja, nikabonyeza kitufe cha sifuri kabla ya kufunga, kisha nikawasha swichi. Ampea 7.4. Nikazima swichi kwanza, ndipo nikachomoa plagi. Ukichomoa MC4 wakati umeme unapita unautengeneza ule moto wa bluu kwa mikono yako mwenyewe. Stringi ya pili nayo ikatoa 7.4.

Ampea sawa, volti pungufu kwa 13. Paneli moja kwenye joto lile ina volti kama 40, na theluthi yake ni 13. Ndani ya boksi la nyuma kuna daiodi tatu, kila moja inalinda theluthi ya seli; moja ikipiga shoti, theluthi ile inapotea kwenye volti lakini ampea za shoti hazionyeshi kitu. Nikapima paneli moja moja: 40, 40, 40, 40, ya tano 27. Mzee akauliza, "Fundi, hiyo ndiyo imekufa?" Nikamwambia haijafa, ina mguu mmoja mbovu.

Malalamiko yangu: kioo hakisomeki juani, nakifunika kwa kofia. Namba ya sifuri huhama ukiigeuza mita, kwa hiyo bonyeza sifuri ikiwa imeelekea vilevile utakavyopimia. Na msinunue klampu bila kuuliza, nyingi dukani ni za AC tu, kwenye paneli zitasoma sifuri hata ampea 9 zikipita. Kwa paneli mpya za wati 550 zenye ampea karibu 14, tundu la 10A la multimita silitumii kabisa.