Studio iliyomtia baba yangu makengeza

“Dada, macho ya wazee ndivyo yalivyo.” Naanza na kauli hiyo kwa sababu ilinikera kuliko hata picha yenyewe. Aliyeitoa ni mwenye studio, hapa hapa Moshi mjini, si mbali na mnara wa saa, macho yake yakiwa kwenye simu. Jina la studio nalihifadhi. Waliowahi kupiga hapo wataitambua.

Wazazi wangu wametimiza miaka 50 ya ndoa, na kama mjuavyo huku kwetu Kilimanjaro, jubilei haifanyiki kimyakimya. Tulitaka picha ya Mzee peke yake na ya Mama peke yake, kubwa, za kutundika sebuleni. Ya Mama ilitoka safi. Ya Mzee ndiyo hii.

Baba anavaa miwani ya plasi, ile ya vioo vinene vinavyokuza macho. Mpiga picha alimkalisha, akaweka taa ya mwavuli juu upande mmoja, na upande wa pili akasimamisha kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Hapo sina ugomvi, nuru usoni ilikaa vizuri. Lakini miwani ya Mzee ilikuwa imekaa upande, kioo kimoja juu kuliko kingine, na hakuna aliyehangaika kuinyoosha. Kioo hurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyoingilia. Mikono ya miwani ingeinuliwa kidogo tu juu ya masikio, vioo vikaelekea chini, mwanga ule ungerudishwa sakafuni badala ya kuingia kwenye kamera. Au angepandisha mwavuli. Ni kazi ya dakika moja. Jamaa akasema, “Usijali, tutasafisha kwenye kompyuta.”

Wakasafisha.

Siku ya kuchukua picha nilisimama pale kaunta nikimtazama baba yangu, na sikumtambua. Ngozi yake, koti lake, mvi zake. Lakini alikuwa na makengeza. Macho yote mawili yalikuwa yanatazama pua. Nikauliza, ndipo nikapewa ile kauli ya wazee. Baba yangu hajawahi kuwa na makengeza maisha yake yote! Nikaomba nionyeshwe picha ya asili, mwenye studio akasema faili “zimeshafungwa”, sijui zimefungwa kwa kamba gani.

Aliyeniokoa ni kijana anayekaa kompyuta ya nyuma, karibu na mashine ya kuchapishia. Alisubiri bosi atoke, akasema, “Shikamoo dada, njoo nikuonyeshe.” Akafungua faili. Kumbe hazikuwa zimefungwa popote.

Kwenye picha ya asili, kioo cha kulia kilikuwa na utando mwepesi wa kijani. Jicho lilionekana vizuri kabisa nyuma yake, ila limefifia. Kioo cha kushoto ndicho kilichokuwa na balaa: doa jeupe la mwavuli limefunika mboni na ukope wa juu. Aliyesafisha mara ya kwanza (si huyu kijana, ni mwenzake) alichukua jicho zima la kulia, akaligeuza kama kwenye kioo cha kujitazamia, akalibandika kushoto. Dakika tano, amemaliza, kaenda chai.

Kijana akanionyesha jinsi kosa lile linavyojitangaza lenyewe. Kwanza, ile nukta ndogo ya taa inayong'aa ndani ya jicho. Mwavuli ulikuwa mmoja, kwa hiyo nukta lazima ikae upande uleule kwenye macho yote mawili. Ukifikiria jicho ni uso wa saa, jicho la kulia la Baba lilikuwa na nukta kwenye namba 10, na la kushoto lilitakiwa liwe nayo kwenye namba 10 pia. Lakini jicho lililogeuzwa lina nukta kwenye namba 2, kana kwamba Mzee alimulikwa na majua mawili. Pili, mtazamo. Mama alikuwa amesimama pembeni ya kamera, upande wa kushoto wa Baba, na mzee wa watu alikuwa anamwangalia mkewe kidogo. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imesogea kuelekea pua. Ukiligeuza jicho hilo na kulipeleka kushoto, mboni yake nayo inasogea kuelekea pua. Hayo ndiyo makengeza yenyewe. Tatu, na hili ndilo lililoniuma, ukope wa kushoto wa Baba umelegea kidogo tangu nipate akili. Ndiyo sura yake. Walikuwa wameufuta kabisa wakamwekea ukope wa upande wa pili.

Nikamuuliza kama lile doa jeupe haliwezi kupunguzwa tu mwanga. Akapeleka mshale juu yake na kunionyesha kidirisha cha Info, kinachotaja kiasi cha nyekundu, kijani na bluu mahali mshale ulipo: R 255, G 255, B 255, kila aliposogeza ni hivyohivyo. Hiyo ndiyo namba ya juu kabisa kwenye faili ya kawaida ya picha. Pameungua. Ukipunguza mwanga hapo unapata kijivu kitupu, jicho halitokei kwa sababu halipo kwenye faili. Akahamia kioo cha kulia, namba zikawa zinapanda na kushuka kadiri mshale unavyopita juu ya kope na mboni. Pale jicho lipo, limefunikwa tu. Kwa hiyo vioo viwili vya miwani moja vilihitaji dawa mbili tofauti, na yule mwenzake hakujisumbua hata kuangalia.

Kioo cha kulia alikimaliza upesi. Alizungushia sehemu yenye utando peke yake, akafungua Curves, ule mstari wa kurekebisha giza na mwanga, akasogeza ncha ya giza mpaka mboni ikarudi kuwa nyeusi, kisha akashusha kidogo rangi ya kijani. Hakuondoa mng'ao wote. Alibakiza ukanda mwembamba pembeni, karibu na fremu, kwa sababu ukisafisha kila kitu miwani inaonekana haina vioo.

Kwa kioo cha kushoto nilikuwa na wazo langu: tumrudishe Mzee, apigwe bila miwani, macho yachukuliwe hapo. Kijana akakataa kwa upole. Miwani ya Baba inakuza. Macho yaliyopigwa bila miwani yatatoka madogo, na ukiyaweka nyuma ya vioo vile vinene yatakuwa kama ya mtu mwingine. Mwenye miwani ya kuonea mbali, ya mainasi, ni kinyume chake: kioo hupunguza macho, hata mstari wa shavu unaoonekana kupitia kioo unaingia ndani. Jicho la bila miwani linakuwa kubwa mno, na shavu halikutani na lenzi. Njia hiyo inafaa kwa mwenye vioo vyepesi. Kwa Mzee, alisema, tutafute picha nyingine ya siku ileile, miwani ileile, taa ileile, ambayo doa limehama.

Zilikuwepo. Mpiga picha alibofya nyingi, na kwenye kadhaa Baba alikuwa ameinamisha kidevu. Nyingine tulizikataa: ameinama mno, na mtu akiinama huku anatazama juu, weupe hutokea chini ya mboni na ukope hupanda, anaonekana kama anakuogopa. Nyingine jicho lilikuwa safi lakini anatazama kamera, si upande wa Mama. Tukapata moja ambayo kidevu kimeshuka kidogo tu, doa limehamia karibu na nyusi, na mtazamo ni uleule.

Akaiweka juu ya picha yetu kama leya ya pili, akashusha Opacity mpaka nusu ili aone zote mbili kwa pamoja. Kwa Free Transform akaisogeza na kuizungusha hadi kona mbili za jicho, ya upande wa pua na ya upande wa sikio, zikakaa juu ya kona za picha ya chini. Nilimwona akikwepa kabisa kuvuta upande mmoja peke yake. “Ukivuta upande mmoja, duara la jicho linakuwa yai,” alisema. Kisha akarudisha Opacity, akaificha leya yote kwa maski nyeusi, akachukua brashi nyeupe laini na kufunua pale tu palipoungua, na ukingo mdogo kuzunguka. Ukope wa chini, mikunjo, fremu, vyote vikabaki vya picha ya asili. Akaiweka Curves kwenye leya ile peke yake mpaka ngozi mbili zikalingana.

Ukope uliolegea ukarudi. Nukta ikakaa kwenye namba 10. Akaipunguza picha kwenye skrini mpaka ikawa ndogo kama stempu, kwa sababu makengeza huonekana upesi zaidi kwa mbali kuliko ukiwa umekodolea jicho moja. Alikuwa Baba. Nilitaka kumkumbatia yule mtoto.

Sasa hukumu yangu ndiyo inanitatiza. Nilikuja na hasira ya kusema msiende pale kamwe. Lakini karatasi yao ni nzuri, rangi haikuchuja, taa yao ilikuwa sawa, na mtu anayejua kazi hii vizuri namna ile wanaye, wamemficha nyuma ya mashine. Kwa hiyo nendeni. Kama mna mzee wa miwani, nyoosheni miwani yenyewe kabla hajapigwa, mwambieni mpiga picha abofye nyingine na kidevu chini, na mdai picha zote kwenye flashi kabla hazijafutwa, si ile moja aliyochagua yeye. Ulizeni kijana wa nyuma. Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota nne.

Halafu bosi akarudi. Akaitazama ile picha mpya, akaitazama ya kwanza, akaguna. Hakusema pole. Akanigeuzia kikokotoo: 15,000 ya kusafisha tena, na karatasi ya pili ni juu yangu. Nikamwambia, “Kaka, nimlipe nani kwa kumtoa baba yangu makengeza mliyomtia wenyewe?” Akasema kompyuta inakula umeme.

Nimelipa, kwa sababu sherehe ilikuwa imefika na Mama alikuwa anapiga simu. Nyota mbili, na zote mbili ni za yule kijana.