Jaketi la kuokolea maisha la mtoto: la kwanza lilipanda, la pili likatulia

Jaketi la kwanza la binti yangu nililinunua kama ninavyonunua sare ya shule, kubwa kidogo ili akue nalo. Alikuwa na miaka mitano na kilo 17. Lebo ya ndani ilisema kilo 20 hadi 30, nikajiambia kilo tatu si kitu. Nyumbani lilimkaa vizuri. Alizunguka nalo, akajitazama kwenye kioo, na wakati wa kula akakataa kulivua.

Siku ya kwanza hatukupanda mtumbwi. Nilimpeleka ukingoni, kwenye maji yaliyonifika kiunoni, nikamshika kwapani kisha nikalegeza mikono polepole. Jaketi likapanda. Mabega yake yakafika masikioni mwa mtoto, kidevu kikapotelea kwenye tundu la shingo, na humo ndani ikatoka sauti: "Mama, sikuoni." Hakumeza maji, maana nilikuwa sijamwachia kabisa. Lakini mikono ilishaanza kunyooka juu, na ningezubaa kidogo angechomoka kwa chini, jaketi libaki likielea peke yake.

Niliporudi nyumbani ndipo nilipoelewa nilichokosea. Nchi kavu jaketi linamning'inia mtoto mabegani, kwa hiyo hata likiwa kubwa linaonekana limekaa. Majini mambo yanageuka: jaketi linasukumwa juu, mwili unavutwa chini, na sasa mtoto ndiye anayening'inia ndani ya jaketi. Mtu mzima ana kiuno na kifua vya kulizuia. Mtoto wa miaka mitano hana kiuno. Tumbo ni duara na mabega ni membamba, kwa hiyo mkanda wa tumboni unateleza tu kuelekea juu. Tena kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na jaketi lisipokiegemeza kutoka nyuma, uso huelekea majini.

Jaketi la pili nililichagua kwa mambo mawili tu. Kwanza uzito: lebo inasema kilo 15 hadi 20, na binti nilimpima kwenye mizani siku ileile, sikukisia kwa umri. Pili, lina mkanda unaopita katikati ya miguu, kutoka nyuma hadi mbele. Huo ndio unaofanya kazi ambayo kiuno cha mtoto hakiwezi. Lina pia kola nene nyuma ya kichwa na kishikio cha mkanda juu yake, cha kumdaka nacho ukiwa ndani ya chombo. Rangi ni ya chungwa kali. Kulikuwa na la buluu zuri zaidi, binti alilililia kweli, lakini buluu juu ya maji huioni ukiwa mbali kidogo.

Ninavyomvalisha sasa ni hivi. Nalegeza mikanda yote kwanza, nafunga zipu hadi juu, kisha nakaza kuanzia chini: wa tumboni, halafu wa kifuani. Mkanda wa miguuni unakuja mwisho, nikiacha nafasi ya kiganja kupita ili aweze kuchuchumaa na kukaa. Nguo nzito zote zinabaki chini ya jaketi, kamwe si juu yake. Halafu namwambia anyooshe mikono juu, nashika jaketi mabegani na kuvuta kwenda juu kwa nguvu kiasi. Likigusa masikio au kukifunika kidevu, halimfai au halijakazwa. Hili la pili linapanda kama upana wa vidole viwili, linakoma.

Hata hivyo kuvuta kwa mkono hakutoshi. Turudi majini. Nilimpeleka palepale tena, nikamwachia taratibu, nikamwambia alale chali kama yuko kitandani. Mdomo ulikaa juu kabisa ya maji, kola ikashika kisogo, na jaketi likabaki kifuani. Kisha nikamgeuza upande, nikangoja nione. Aligeuka chali, ila nusu kwa jitihada zake mwenyewe, na hapo nisikudanganye: sponji haimhakikishii mtoto kugeuka kila mara, hasa maji yakiwa na mawimbi. Ndiyo maana kwenye mtumbwi hakai mbali na mkono wangu hata akiwa amelivaa.

Malalamiko ninayo. Kola inamkwaruza shingoni, na akikaa sakafuni mwa mtumbwi inamsukuma kichwa mbele mpaka anachoka. Kipande cha plastiki cha mkanda wa miguuni kinalegea kikilowa, kwa hiyo nakikaza upya kila tunapotaka kuondoka. Filimbi haikuwamo; nimemfungia moja kwa kamba fupi mno kuweza kumzunguka shingoni.

Langu nalo lilikuwa na kisa chake. Nilianza na jaketi la daraja la 100, lile lenye kola, kwa kuamini namba kubwa ndiyo bora. Namba hizo ni nyutoni, nguvu ya kuelea, na nyutoni 10 ni karibu sawa na kubeba kilo moja. Mtu mzima majini huhitaji kubebwa kilo chache tu ili kichwa kibaki juu, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili inaelea yenyewe. (Kwenye jaketi la mtoto nguvu halisi huwa ndogo kuliko namba ya daraja, hupunguzwa kufuatana na uzito wake.) Lile la 100 lilikuwa nene kifuani, kila nikivuta kafi mkono uligonga sponji. Baada ya nusu saa nililivua, nikalikalia. Jaketi ulilolikalia halikusaidii lolote chombo kikipinduka, na sponji yenyewe hukandamizwa ikapoteza nguvu.

Nikabadilisha, nikachukua la 50, lenye matundu mapana ya mikono na sponji iliyokatwa fupi mbele. Ninalivaa safari nzima na nasahau kwamba nimelivaa. Lakini hili ni msaada wa kuelea kwa anayejua kuogelea, karibu na ukingo, penye watu. Halitamgeuza chali aliyezimia. Mume wangu hajui kuogelea, kwa hiyo yeye ndiye aliyerithi la 100, na analalamika kila safari. Ya kujijaza gesi yenyewe sikuyataka: ni mepesi kweli, ila mtungi wake lazima ukaguliwe na kubadilishwa kila ukitumika, na mimi najijua.

Jambo la mwisho, kwa wanaonunua yaliyotumika. Binya sponji, ikibaki na shimo au ikivunjikavunjika ndani, liache. Finya kitambaa kilichopauka kwa jua na ukivute: kikichanika, mishono nayo haitakaa. Ukiwa na mashaka, lizamishe lote kwenye ndoo ya maji kwa kuliwekea jiwe usiku kucha, kisha libebe. Likiwa bado zito hata baada ya maji kuchuruzika, kilichomo ndani kinanyonya maji.

Lile kubwa la kwanza halikupotea. Mpwa wangu ana kilo 24 na kiuno kimeanza kuonekana. Kabla sijampa nilimtia majini palepale, nikamwachia. Lilipanda vidole viwili, likakoma chini ya kidevu, akaniuliza kama sasa anaweza kuondoka.