Padi ya PS4 inakaa chaji saa moja: nimebadilisha betri, nikaipima, hawa jamaa wanatuona watoto

Oyaa wanangu, karibuni tena. Kabla sijasema chochote, angalieni hapa. Hii padi nimeichomoa kwenye chaji saa kumi na dakika tano jioni ikiwa imejaa, vistari vyote vitatu. Sasa hivi ni saa kumi na moja na dakika nane. Mnaona? Imezima. Mechi imesimama, kioo kinaniambia niiunganishe upya, na mdogo wangu hapa pembeni anaapa nimeizima makusudi kwa sababu ananiongoza mbili bila.

Saa moja na dakika tatu. Hiyo ndiyo ripoti nzima ya hii padi.

Sasa msinielewe vibaya, simsemi aliyeitengeneza. Hizi padi za PS4 zilianza kutoka 2013, na hii niliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine. Ikiwa mpya inakaa kama saa nne mpaka nane, kutegemea unacheza nini. Vifungo vyake viko safi, analogi hazivuti upande, kwa hiyo kuitupa ni dhambi. Padi halisi mpya bei yake mnaijua, na zile za kopi nilishazichambua mwaka jana, sirudi huko, zilinitia hasira vya kutosha.

Video ya leo inahusu betri ya kubadilisha, hii hapa, nimeichukua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Nimeshaifungua boksi. Boksi ni boksi, tusonge.

Ila ngoja. Kuna mtu anaangalia hii video na padi yake haina shida ya betri kabisa, ana shida ya waya, na anakaribia kutupa 25,000 yake. Wewe ndiye nataka kuongea na wewe kwanza. Swali ni moja tu: padi yako inachukua muda gani KUJAA? Sio kuisha, kujaa. Ikiwa inajaa haraka sana, nusu saa hivi taa ya chungwa inazima, halafu inaisha haraka, hiyo ni betri imechoka. Imebaki kopo dogo, linajaa haraka na linamwagika haraka. Lakini kama unaiweka usiku kucha na asubuhi ina kistari kimoja, betri haina kosa hapo. Chaji haifiki. Tafuta waya.

Tuufanyie kazi huo waya kidogo. Hiki kidude mkononi ni kimita cha USB, kinakaa kati ya chaja na waya, kinaonyesha umeme unaopita. Nachomeka waya wangu mfupi, ule mzuri. Kimita kinasoma volti 5 na kidogo, mkondo unacheza kwenye ampea 0.4. Vizuri. Sasa natoa huu mrefu wa mita tatu, ambao ninyi wote mnao, ule wa kukaa nao kitandani. Volti hapa upande wa chaja ni zilezile, ila mkondo umepungua karibu nusu. Waya haujakatika, ni mwembamba tu na ni mrefu, umeme unaishia njiani. Na sasa huu wa tatu, karibia na kamera, mnaona nikiupinda hapa shingoni karibu na kichwa? 0.4... sifuri... 0.4... sifuri. Huu umekatika ndani ya plastiki. Padi ikikaa imelala inachaji, mtu akipita akigusa meza haichaji. Ndiyo maana unaamka asubuhi unakuta haijajaa, unaanza kuilaumu betri.

Kama hauna kimita, chukua taa ya padi yenyewe. Weka PS4 kwenye usingizi, chomeka padi, ile taa ya mbele itawaka chungwa, inafifia na kurudi taratibu. Chezea shingo ya waya. Taa ikikatika, badilisha waya kwanza, wa simu yoyote ya zamani yenye ule mdomo mdogo wa micro USB unafaa. Ukibadilisha nyaya mbili tatu na bado inakatika, basi tundu lenyewe la padi limelegea. Hilo nalo halihitaji kubadilisha padi: limekaa kwenye kabodi kadogo peke yake, linauzwa kivyake. Ukienda kununua beba kale kabodi kako ka zamani, kwa sababu fleksi yake, ule utepe bapa wa kuunganisha, kuna ya pini 12 na kuna ya pini 14, na haziingiliani.

Halafu wapo wenye waya mzima na padi nzima, ila PS4 ikilala haitoi umeme. Nendeni Settings, halafu Power Save Settings, halafu Set Features Available in Rest Mode, hapo mtaona Supply Power to USB Ports. Iwe Always. Na mnaoniuliza kila wiki kwa nini padi inachaji ila haijiungi na mashine kwa waya: huo waya una nyaya mbili tu ndani, za umeme. Za data hazimo. Tafuta mwingine.

Haya. Yangu nimeipima. Kwa waya ule mzuri, kutoka imezima kabisa mpaka taa inazima: dakika 31, na kimita kinasema zimeingia mAh 212. Betri inayokuja na hii padi imeandikwa mAh 1000. Kimita cha namna hii sio maabara, ila 212 kwa 1000 hata bibi yangu anaona. Imebaki sehemu moja ya tano. Saa tano zimekuwa saa moja, hesabu inakubali yenyewe.

Tunafungua. Skrubu nne za nyuma, bisibisi nyota ndogo. Skrubu zikitoka, kava halitoki, na hapa ndipo watu wanavunja. Anzia huku kwenye mikono, minya, utasikia tak. Upande wa pili, tak. Halafu unakuja hapa karibu na L1 na R1. Sitaki kuona kisu cha jikoni, jamani. Kadi ya zamani ya simu inatosha, tena usiizamishe ndani, betri iko hapo chini, ukiitoboa utaniletea moshi.

Kava limeachia, sasa SIMAMA. Usilivute. Mnaona hii fleksi? Inaunganisha lile tundu la chaji na bodi kubwa. Video zinazosema "fungua tu" zote zinaruka hapa. Shika karibu na mzizi wake, itoe imenyooka. Ndiyo hivyo.

Betri hii hapa, imekaa kwenye kitanda chake cha plastiki. Ina plagi nyeupe, nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Shika plagi, kwa kibano ukiwa nacho, usivute nyaya. Na angalieni tumbo lake, niinamishe hivi... imevimba kidogo. Pakiti ikivimba hivi huirudishi ndani, huiminyi ilale, na huitupi kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Mimi namrudishia fundi simu wangu, ana ndoo yake ya betri mbovu.

Sasa nilipokosea, nalisema hadharani. Betri ya kwanza niliyonunua haikuingia. Plagi yake ilikuwa kubwa. Padi za PS4 ziko za aina mbili: ya kwanza, na ile iliyokuja 2016 yenye kamstari ka mwanga juu ya padi ya kugusa. Hiyo ya pili plagi ya betri ni ndogo zaidi. Geuza padi nyuma usome: CUH-ZCT1 au CUH-ZCT2. Yangu ni ZCT2, muuzaji akanipa ya ZCT1 akaniambia "zote moja, bosi". Nauli ya kwenda na kurudi nani analipa? Subscribe basi, angalau nifidie. Tumebakiza watu kama 300 tufike elfu kumi, na tukifika nanunua maiki, maana najua mnaisikia hiyo feni.

Mpya inaingia. Kabla ya kuichomeka, ilinganishe na ya zamani: nyekundu iko upande uleule? Zikiwa zimebadilishana, usichomeke, bodi inaungua palepale. Na wale wanaounga betri ya simu humu kwa solda, nawaona kwenye komenti. Pakiti hizi zina kabodi kadogo ka ulinzi humu juu chini ya utepe. Betri tupu uliyobandua kokote haina. Mimi simo.

Imewaka. Sasa njoo kwenye uongo. Karatasi ya hii betri imeandikwa mAh 2000. Elfu mbili! Ukubwa uleule, unene uleule, uzito mkononi uleule. Nikaiacha ikaisha, nikaijaza na kimita kilekile, waya uleule. Saa mbili na dakika 25. Zimeingia... mAh 934.

Nilicheka. Halafu nikacheza nayo, mtikisiko umewashwa, mwanga wa padi nimeuweka Dim kama siku zote, na imefika saa nne na dakika ishirini. Kwa hiyo sijaibiwa kabisa, padi imerudi kuwa padi, ila sijauziwa elfu mbili. Ingekuwa elfu mbili kweli ningekuwa bado nacheza hadi usiku wa manane.

Jirani yangu ana Xbox, anatoa betri mbili za AA za kuchaji, anaweka mbili nyingine, sekunde kumi, bisibisi haijui. Ananiangalia tu. Na hapo sina jibu, hapo wametushinda. Padi ya PS5 ina mAh 1560, afadhali, ila nayo ni kufungua vilevile siku yake ikifika.

Nitainunua tena hii? Kwa 25,000, hapana. Jamaa wa duka la pili alikuwa anataja 18,000 kwa betri iliyoandikwa mAh 1000, nikamdharau kwa sababu ya namba. Wiki ijayo narudi kuichukua ile, niipime kwa kimita hikihiki. Mdogo wangu tayari ameshika padi, anataka tuendelee na ile mechi kutoka mbili bila.