Anwani ya kudumu niliyouziwa na mtoa huduma wangu wa intaneti, ambayo hakuna aliyeweza kuifikia

Kuhusu kasi ya faiba ya kampuni hii hapa Dar es Salaam sina neno, na atakayetaka kujua bei za vifurushi vyao atazikuta kwenye mabango yao barabarani. Ninayoyaandika hapa yanahusu huduma moja tu, ambayo watu wachache huiomba: anwani ya IP isiyobadilika, yaani namba moja ya kudumu inayoutambulisha muunganisho wako mtandaoni. Niliiomba kwa barua, nikaambiwa nimepewa, nikaanza kuilipia kila mwezi, na kwa muda mrefu haikuwa na faida yoyote kwangu. Hasira yangu haikutokana na kosa hilo pekee, kwa kuwa kampuni yoyote inaweza kukosea. Ilitokana na namna nilivyoambiwa, na zaidi ya mtu mmoja, kwamba tatizo ni mimi.

Barua ya kwanza niliipeleka ofisini kwao mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nainukuu sehemu yake muhimu, ili msomaji apime kama kulikuwa na utata wowote:

"YAH: MAOMBI YA ANWANI YA IP YA KUDUMU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea na ni mteja wenu wa faiba ya nyumbani. Kumbukumbu za tafsiri za wateja wangu zimehifadhiwa katika kompyuta moja iliyopo nyumbani, na kwa mujibu wa mikataba siruhusiwi kuzinakili kwenye kompyuta ya mkononi wala kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ninaposafiri nahitaji kuingia katika kompyuta hiyo nikiwa mbali. Kwa hiyo naomba nipatiwe anwani moja ya IPv4 iliyo ya umma, isiyobadilika, itakayokaa kwenye ruta yangu yenyewe, na miunganisho inayoanzia nje isizuiwe kufika kwenye mlango wa UDP 51820. Naomba pia kujulishwa gharama zake kwa mwezi."

Maneno "iliyo ya umma" na "kwenye ruta yangu yenyewe" niliyapigia mstari kwa makusudi. Nilikuwa najua kwamba wateja wengi wa intaneti ya nyumbani hawana anwani yao binafsi. Anwani za IPv4 duniani hazifiki bilioni 4.3, na shirika linalozigawa barani Afrika, AFRINIC lenye makao yake Mauritius, liliingia Januari 2020 katika hatua ya mwisho ya kubana matumizi, ambapo kampuni haipewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Ndiyo maana watoa huduma huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama ghorofa lenye geti moja: wakazi wanatoka watakavyo na mlinzi anawakumbuka wanaporudi, lakini mgeni anayefika na jina la ghorofa tu hawezi kupelekwa kwenye mlango wa mtu, kwa sababu mlinzi hajui anamtafuta nani. Kwa anayesoma habari na kutazama video hilo si tatizo hata kidogo. Kwa anayetaka kufikiwa kutoka nje, mambo yanaishia getini.

Baada ya kimya kirefu nilipokea ujumbe wa simu uliosema, "Mpendwa mteja, ombi lako la static limekamilika." Nilifurahi, tena niliwasifu mbele ya watu. Jioni hiyo nilifungua ukurasa wa ruta, sehemu iliyoandikwa WAN, yaani upande wa ruta unaoelekea kwa mtoa huduma, nikakuta anwani inayoanza na 100.81. Kisha, kwenye kompyuta hiyohiyo ya nyumbani, nikauliza mtandao wa nje unaniona kwa anwani gani:

```
curl -4 https://ifconfig.me
```

Jibu lilikuwa anwani nyingine kabisa. Kwa anayeyajua mambo haya, uchunguzi unakamilika hapo. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa ajili ya matumizi ya ndani ya watoa huduma, kati ya ruta za wateja na lile geti. Kampuni yoyote inaweza kuzitumia, na hakuna anayeweza kukufikia kwa anwani hizo kutoka nje ya mtandao wa kampuni yako. Niliyopewa haikubadilika kweli, hata nilipozima ruta usiku kucha na kuiwasha asubuhi. Ilikuwa ya kudumu, ila ilikuwa ndani ya geti, na mimi nilikuwa nikitozwa kila mwezi kwa ajili yake.

Nilipiga simu huduma kwa wateja nikieleza hayo kwa utaratibu. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akaniomba nizime ruta na kuiwasha, nikafanya hivyo ili tusibishane. Kisha akanihamishia kwa kaka aliyejitambulisha kuwa msimamizi, na huyo ndiye sababu ya andiko hili. Kabla sijamaliza sentensi ya pili alisema, "Dada, hiyo ni static, haibadiliki, sasa wewe unataka ipi?" Nilipomtajia tofauti ya anwani mbili akacheka, akasema pengine kompyuta yangu ina virusi, na kwamba kama kazi yangu ni kutafsiri basi simu ya kawaida ingenitosha. Nilinyamaza kidogo nikamjibu kwa adabu kwamba nitaandika. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko chake, nyota zote nilizokusudia kuwapa zinayeyuka.

Walimtuma fundi. Kijana huyu sina ugomvi naye, alikuja kwa wakati na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lakini jaribio lake lilikuwa la kustaajabisha. Alichukua simu yake, akaunganisha na Wi-Fi ya nyumbani kwangu, akafungua programu ya kuingilia kompyuta, akaandika anwani ya ndani inayoanza na 192.168, na dawati la kompyuta yangu likatokea kwenye kioo chake. "Inaingia, dada," akasema, huku akitafuta mahali pa kutia saini. Nilimwomba azime Wi-Fi, atumie data ya laini yake, na aandike ile anwani ya 100.81 niliyouziwa. Alisubiri, akasubiri, programu ikamwambia haioni kompyuta. Akatazama ruta, akanitazama, akasema hayo ni mambo ya ofisini. Alisema kweli. Nawashauri wote watakaofika hatua hii wasitie saini fomu yoyote kabla ya jaribio hilo la pili kufanyika, kwa sababu jaribio lililofanywa ndani ya nyumba halithibitishi chochote kuhusu nje.

Katika kujibizana kwa barua pepe walinishauri pia nitumie DDNS, yaani jina linalofuata anwani kila inapobadilika. Ushauri huo unafaa kwa mtu mwenye anwani ya umma inayobadilikabadilika. Kwangu jina hilo lingewaongoza watu hadi getini, na pale tungerudi tulipoanzia.

Naomba nitende haki hapa. Ipo njia ya kukwepa tatizo hili bila kuiomba kampuni chochote, nami niliitumia wakati nikisubiri. Nilikodi seva ndogo Ulaya yenye anwani ya umma, nikaifanya kompyuta ya nyumbani iipigie seva hiyo kwa WireGuard, programu inayounganisha mashine mbili kwa njia iliyosimbwa, kwa kuwa kutoka ndani kwenda nje geti halizuii. Kwenye mipangilio ya upande wa nyumbani unaongeza mstari huu, ili geti lisisahau muunganisho unapokuwa kimya:

```
PersistentKeepalive = 25
```

Kila sekunde 25 kompyuta inatuma salamu fupi, na njia inabaki wazi. Kwa watu wengi hii inatosha, na huenda hawana haja ya kulipia anwani ya kudumu kabisa. Kwangu haikutosha kwa sababu mbili. Kila nilipobofya kipanya nikiwa Lushoto, amri ilikwenda Ulaya kabla ya kurudi Dar es Salaam, na kuhariri jedwali la dozi za dawa katika hali hiyo kunachosha macho na roho. Tena mteja wangu mmoja hakupenda kazi yake ipite kwenye mashine ya mtu wa tatu, hata ikiwa imefichwa kwa usimbaji.

Barua ya pili niliielekeza kwa mkuu wa kitengo cha ufundi, nikaambatisha picha mbili: ukurasa wa WAN na jibu la amri ile ya curl. Sikuandika malalamiko marefu. Niliomba tu kwamba anwani hizo mbili zifanane. Siku chache baadaye alinipigia mama mmoja mhandisi, akauliza swali moja, kama nilikuwa tayari kukatika kwa dakika chache, nikamwambia niko tayari. Ruta ilijizima na kuwaka. Safari hii anwani ya WAN na anwani iliyoonekana nje zilikuwa moja. Akaniuliza kama nimefungua mlango 3389 wa kuingilia kompyuta moja kwa moja. Nilipomwambia kwamba nafungua 51820 wa WireGuard peke yake akasema, "Vizuri, maana ule mwingine ungeona vituko." Ana haki: 3389 ukiachwa wazi kwenye anwani ya umma, haupiti muda kabla kumbukumbu ya usalama ya Windows kujaa tukio namba 4625, yaani watu wasiojulikana wakijaribu nywila.

Kwa hiyo nawapa nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikusudia moja, na nilipofika kwa mama mhandisi nikawa nataka kuwapa nne, kwa kuwa tangu siku ile anwani haijayumba na kazi kutoka Lushoto inakwenda kana kwamba nimekaa nyumbani. Kisha nimefungua ankara ya mwezi huu. Miezi yote ambayo nililipia anwani ya ndani ya geti imebaki humo kama huduma iliyotolewa, na nilipoomba nirudishiwe fedha, jibu lilitoka kwa yuleyule msimamizi, likisema anwani ilikuwa static tangu siku ya kwanza. Nimewaandikia barua ya tatu, nikaambatisha nakala ya ile ya kwanza yenye muhuri wao na yale maneno niliyoyapigia mstari. Nawapa nyota mbili, na zote mbili ni za yule mama. Ya tatu wataipata fedha yangu ikirudi.