Moduli ya kushusha volti ya «ampea 3» kwenye boti ya Lamu: uzoefu wangu, na kwa nini koili yake hushiba

Nyota 3 kati ya 5. Ningetoa 4 kama wangeandika «ampea 2» kwenye ubao wake.

Hii ni moduli ndogo ya buluu, yenye ukubwa wa vidole viwili, inayoshusha volti 12 za betri ya sola hadi volti 5 za kuchajia simu. Bei yake ni shilingi 250. Chipu yake huswichi mara 150,000 kwa sekunde, na koili yake nyeusi ya mraba imeandikwa 330, maana yake mikrohenri 33. Nimezifunga nne kwenye boti za abiria zinazokwenda Shela na Manda, kila moja ndani ya kisanduku cha mbao chini ya kiti. Mzigo ukiwa simu mbili haina neno. Ukifika simu nne au tano saa nane za mchana, volti hushuka, simu huacha kuchaji na kuanza tena, na kisanduku hutoa mlio mwembamba kama wa mbu.

Mafundi wengi hapa wakiona hivyo hulaumu kapasita au chipu. Nimebadilisha vyote viwili kwenye moduli moja na hali haikubadilika. Wa kulaumiwa ni koili, na kinachosumbua ni kwamba ukiipima utaambiwa ni nzima. Mita yangu ya koili ilisoma mikrohenri 32.6 ikiwa baridi, na ikasoma karibu hivyo hivyo ikiwa moto. Mita haikudanganya. Ilijibu swali jingine.

Mita ya koili hupitisha mkondo mdogo sana, wa miliampea chache tu, kisha hutazama jinsi koili inavyoupinga. Hiyo ndiyo indaktansi tunayoizoea, yaani ukaidi wa koili dhidi ya mkondo unaotaka kubadilika. Namba hiyo hukaa palepale maadamu kiini cha feriti kilichozungushiwa waya wa koili kina nafasi ya kuongeza usumaku. Kila ampea inayoongezeka kwenye waya hulazimisha chembe za sumaku ndani ya feriti kugeukia upande mmoja. Zikishageuka karibu zote, hakuna za kugeuza tena. Hapo kiini kimeshiba, na kuanzia hapo ukaidi wa koili huporomoka, kwa sababu usumaku unaouzalisha hauongezeki kwa kasi ya awali. Koili ya mikrohenri 33 huwa kama ya 10, kisha 8, na mwisho hukaribia kuwa kipande cha waya tu.

Kwa hiyo indaktansi na kushiba ni vitu viwili. Koili mbili zaweza kuwa na mikrohenri 33 sawasawa, moja ikashiba kwenye ampea 2.5 na nyingine kwenye ampea 5. Tofauti haionekani kwenye mita. Iko kwenye ukubwa wa kiini, idadi ya mizunguko na mwanya wa hewa ulioachwa ndani ya kiini. Kwenye karatasi ya maelezo ampea ya kushiba hutajwa peke yake, kwa jina Isat, na watengenezaji hawaipimi kwa kipimo kimoja. Mmoja huhesabu pale indaktansi iliposhuka asilimia 10, mwingine asilimia 30. Soma maandishi madogo kabla ya kulinganisha. Ampea nyingine inayoandikwa pembeni yake ni ya joto la waya, na haihusiani na kushiba.

Sasa tuitazame moduli yenyewe. Betri ikiwa volti 13 na pato likiwa volti 5, mkondo wa koili haukai mstari mmoja. Hupanda swichi ikiwaka na hushuka ikizimwa, kama msumeno. Kina cha msumeno huo hupatikana hivi, Vin ikiwa volti ya betri, Vout volti ya pato, L indaktansi kwa henri, na f mara za kuswichi kwa sekunde:

```
ΔI = (Vin − Vout) × Vout / (Vin × L × f)
   = (13 − 5) × 5 / (13 × 0.000033 × 150000)
   = 0.62 A
```

Mzigo wa ampea 2 basi una kilele cha ampea 2.31, na mzigo wa ampea 3 una kilele cha 3.31. Kinachoishibisha koili ni kilele, na siyo wastani unaousoma kwenye ampmita. Tena hesabu hiyo inaamini kwamba L inabaki 33 muda wote. Pale ambapo haibaki, ndipo moduli hii inapoharibikiwa.

Kuiona kwa macho kunahitaji oskiloskopu na rezista mbili za omu 0.1 za wati 1, zikiunganishwa sambamba ili zitoe omu 0.05. Ng'oa mguu mmoja wa koili, ule wa upande wa pato, kisha uweke rezista hizo katikati ya mguu na kapasita ya pato. Upande huo volti yake imetulia. Ukiziweka upande wa chipu, volti inaruka kutoka 0 hadi 13 mara 150,000 kwa sekunde na hutaona ila vurugu. Tumia oskiloskopu ya mkononi inayotumia betri. Ile ya kuchomekwa ukutani kibanio chake cha ardhi kimeungana na ardhi ya umeme, na kama betri ya majaribio nayo imegusa ardhi popote, utakuwa umeliunganisha pato na ardhi moja kwa moja. Kila milivolti 50 utakazosoma ni ampea 1.

Kwa mzigo nilitumia rezista tatu za omu 5 za wati 10, nikiziongeza moja moja. Kwa ampea 1 na ampea 2 msumeno ulikuwa mzuri, pande zake zimenyooka, na kina chake kama ampea 0.6, sawa na hesabu. Kwa ampea 3 sura ikabadilika kabisa. Mstari wa kupanda ulianza taratibu, ukajikunja katikati, kisha ukachomoka juu kama mwiba. Chini ulikuwa ampea 2.6, kileleni karibu ampea 4, na sivyo hesabu ilivyosema. Huo mkunjo ndio alama ya kushiba. Ukiuona umepinda kwenda juu kabla swichi haijazimwa, usitafute sababu nyingine.

Hapo moduli ilikuwa mezani, chumba kikiwa nyuzi 30. Nikaifunga ndani ya kisanduku chake kwa dakika 40 bila kupunguza mzigo. Koili ilifika nyuzi 92, mwiba ukaendelea kurefuka, na pato likashuka kutoka volti 5.1 hadi 4.6. Maelezo yake ni mafupi. Feriti ya kawaida ya kazi hizi hushiba kwenye tesla 0.5 hivi ikiwa na nyuzi 25, na kama tesla 0.4 ikifika nyuzi 100. Yaani joto peke yake limekula karibu sehemu moja kati ya tano ya uwezo wa koili, wakati indaktansi kwenye mita haijatetereka. Mwiba mrefu huongeza joto la waya na la chipu, joto hushusha tena kikomo cha kushiba, na kikomo kikishuka mwiba hurefuka. Mwisho wake kilele kinagonga ulinzi wa chipu, ambao kwa chipu za aina hii huwa kama ampea 4.5, na chipu inakata mapigo kabla ya wakati. Ule mlio wa mbu ni hapo: mapigo yamekosa mpangilio na koili inatetemeka kwa masafa ambayo sikio linasikia. Basi hii siyo hitilafu ya mchana pekee. Mchana huipa msukumo wa mwisho tu.

Kuna dawa moja inayoelekea kuwa sahihi na siyo: kuongeza mizunguko. Kwenye kiini kilekile, indaktansi hukua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo ukitoka mizunguko 30 hadi 40 mikrohenri 33 zinakuwa kama 59, na mita itakupongeza. Lakini ampea za kushiba hupungua kwa kadiri mizunguko inavyoongezeka, kwani kila ampea sasa inasukuma kiini mara 40 badala ya 30. Koili iliyoshiba kwenye ampea 2.5 itashiba kwenye 1.9. Msumeno wako utakuwa mwembamba, ndiyo, lakini wastani wa ampea 3 wenyewe tayari umeshapita kikomo. Kapasita kubwa zaidi ya pato nayo husafisha volti tu. Mkondo ndani ya koili haiugusi.

Kinachofaa ni kiini kikubwa. Niliagiza koili ya mikrohenri ileile 33, milimita 12 kwa 12, yenye kinga ya feriti pembeni na Isat ya ampea 5. Haikai kwenye nafasi ya koili ya awali, kwa hiyo niliilaza pembeni na kuilehemu kwa waya mnene mfupi usiozidi sentimita 1, kisha nikaishikilia kwa silikoni ili mawimbi yasiing'oe. Waya ukiwa mrefu upande wa chipu unageuka antena, na redio ya boti italia.

Kwa ampea 3 msumeno ukarudi kunyooka, kutoka 2.7 hadi 3.3. Baada ya dakika 40 kisandukuni koili ilikuwa nyuzi 61 na pato limebaki volti 5.1. Mkondo unaotoka betrini ulishuka kutoka ampea 1.55 hadi 1.5. Siyo akiba ya kusherehekea, lakini wati hiyo ndogo zamani ilikuwa joto ndani ya koili. Chipu bado huwaka kwelikweli kwa ampea 3, maana diodi yake na swichi yake ndizo zinazopoteza wati 4 na ushei, na inataka kipande cha alumini mgongoni. Koili mpya haiwezi kusaidia hapo.

Kwa hiyo ukiinunua kama ilivyo, ichukulie ni ya ampea 2, na ya ampea 1.5 kama inakaa ndani ya kisanduku kilichofungwa juani. Ukitaka ampea 3, ongeza gharama ya koili na saa moja ya kazi. Zile mbili nilizobadilisha koili ziko kwenye boti zinazobeba watu wengi. Mbili nyingine nimeziachia koili zao, nikazipa soketi mbili tu za kuchajia badala ya nne, na juu ya kifuniko nimeandika kwa rangi: SIMU MBILI.